Mstari Mwekundu Katika Picha: Paketi ya Dawa Yaeleza Nini?

Tulipokuwa chuo cha kadeti, mwalimu wetu wa ramani hakuturuhusu kuutazama mlima wala mto kabla hatujasoma ukingo wa karatasi: nani aliichora, mwaka gani, kwa kipimo gani. Desturi hiyo imetufaa katika jambo ambalo wakati ule hatukulitazamia, nalo ni picha za paketi za dawa zinazofika vituoni kwa njia ya simu. Raia mwema hupiga picha ya vidonge alivyoviona dukani au katika gari, akaituma, na askari wa zamu hutakiwa aseme kitu. Swali la kwanza huwa hili: je, dawa hii ni haramu?

Ndugu msomaji, alama zilizo juu ya paketi hazijibu swali hilo. Zinajibu jingine, ambalo mara nyingi lina faida zaidi: paketi hii ilichapwa kwa ajili ya soko la nchi gani, na sheria ya nchi hiyo iliiweka dawa katika daraja gani? Kila taifa lina mwandiko wake. Uingereza huandika herufi POM ndani ya kisanduku kidogo kwa dawa inayotolewa kwa cheti cha daktari, na herufi P peke yake, nayo kisandukuni, kwa dawa inayouzwa bila cheti lakini mbele ya mfamasia. Marekani hutumia Rx ikifuatwa na neno moja lenye maana ya "tu". Sheria ya mwaka 1997 ndiyo iliyoleta ufupi huo mahali pa onyo refu la zamani. Kwa hiyo picha ya chupa ya Kimarekani yenye onyo refu ni picha ya chupa ya miaka mingi.

Lakini sehemu kubwa ya vidonge vinavyopita mikononi mwetu Afrika Mashariki vimetoka India, na hapo ndipo inapofaa kukaa kitako. Kanuni za India zinataka dawa ya cheti iwe na herufi Rx katika pembe ya juu kushoto, pamoja na mstari mwekundu wa wima upande wa kushoto, unaoshuka toka juu hadi chini ya lebo, wenye upana usiopungua milimita 1. Mwaka 2016 serikali ya nchi hiyo iliendesha kampeni ya kuwafundisha wananchi wautambue mstari huo, hasa kwa ajili ya dawa za kuua vijidudu. Dawa zilizo katika jedwali liitwalo H1, ambalo lilianza kutumika mwaka 2014, huwa na Rx ya rangi nyekundu, na onyo lake hufungwa katika kisanduku chenye ukingo mwekundu. Dawa inayoangukia pia chini ya sheria ya mihadarati huandikwa NRx, kwa wino mwekundu. Ama dawa isiyohitaji cheti, haina alama yake ya kuitangaza. Hutambulikana kwa ukimya tu, na ukimya, kama tutakavyoona, ni shahidi dhaifu.

Tuchukue mfano. Tuseme picha imefika katika kituo cha mpakani. Inaonyesha karatasi mbili za vidonge juu ya kiti cha gari. Ya kwanza ni nzima: jina lake ni tramadoli, dawa kali ya kutuliza maumivu, pembeni juu kuna NRx nyekundu, mstari mwekundu unaonekana, chini kuna namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa ya mwaka 2023, na herufi M.R.P. zikifuatwa na bei kwa rupia. Mtumaji anadai kwamba picha aliipiga mwaka 2021.

Tuanze na dai hilo, kwa kuwa ndilo jepesi. Picha haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko kitu kilichomo ndani yake. Karatasi iliyotengenezwa mwaka 2023 haikupigwa picha mwaka 2021, basi aidha mtumaji amekosea au anasema uongo.

Pili, hiyo NRx. Tramadoli iliingizwa katika sheria ya mihadarati ya India mwezi Aprili 1998? La, ni Aprili 2018. Tunataja kosa hili kwa sababu tumewahi kulisikia likisemwa kwa uhakika mkubwa. Kabla ya hapo ilikuwa dawa ya jedwali H1, yenye Rx nyekundu bila N. Hivyo alama na tarehe katika picha yetu zinakubaliana. Lau karatasi ingesema 2023 huku ikiwa na Rx ya zamani, tungekuwa na sababu ya kuuliza kama tarehe au lebo nzima imeghushiwa.

Tatu, na hili ndilo zito, ni bei. M.R.P. ni bei ya juu kabisa ambayo mwuza rejareja wa India anaruhusiwa kumtoza mnunuzi. Bidhaa iliyotengenezwa kwa ajili ya kusafirishwa nje haina haja nayo, na kanuni za India huiruhusu lebo ya bidhaa hiyo ifuate matakwa ya nchi inayoipokea. Karatasi yenye bei ya rupia juu ya kiti cha gari mpakani kwetu yadokeza kwamba vidonge vilinunuliwa katika soko la ndani la India, kisha vikasafiri nje ya njia ya kawaida ya waagizaji. Yadokeza, hatusemi yathibitisha: mgonjwa aliyetibiwa huko naye hurudi na dawa zake mfukoni kwa haki kabisa. Karatasi moja ni mgonjwa. Masanduku ishirini ni habari nyingine.

Sasa karatasi ya pili. Imekatwa nusu kwa mkasi, haina Rx wala mstari. Askari kijana angeweza kusema kwamba hii ni dawa ya kawaida. Asifanye haraka. Maduka mengi huuza vidonge vichache vichache, na mkasi hupita palepale penye maandishi. Pengine pia ni bidhaa ya nje, ambayo haikutakiwa kubeba mstari wa India. Atazame ukingo uliokatwa, kisha aombe picha nyingine ya upande wa nyuma, namba ya toleo ikisomeka.

Kuna mtego mmoja wa kitoto ambao umewapotosha watu wazima. Baadhi ya simu, kamera yake ya mbele ikitumika, hugeuza picha kama kioo. Mstari wa kushoto huonekana kulia, na mtazamaji husema lebo ni bandia. Asome herufi kwanza: zikiwa zimegeuka, picha ndiyo iliyogeuka, si lebo.

Na ikumbukwe kwamba mwenye mtambo wa kuchapa lebo bandia huchapa na mstari mwekundu vilevile. Lebo nzuri haituambii kilichomo ndani ya kidonge. Hiyo ni kazi ya maabara. Hata hivyo jina na kipimo husema kitu. Tramadoli ya kawaida huja katika miligramu 50 au 100. Vidonge vya miligramu 225, vilivyokamatwa kwa wingi Afrika Magharibi, havikuwa kipimo cha hospitali yoyote, hata lebo yake ingekuwa safi namna gani.

Kwa askari wa Uganda ipo alama iliyo karibu zaidi na nyumbani kuliko zote hizi. Dawa za hospitali za serikali hupigwa maandishi ya kwamba ni mali ya Serikali ya Uganda na si za kuuzwa. Picha ikionyesha maandishi hayo juu ya rafu ya duka, kando ya kibao cha bei, swali la cheti cha daktari huwekwa kando. Swali linalobaki ni ghala gani lililopungukiwa, na namba ya toleo, ikiwa inasomeka, ndipo pa kuanzia.