Uzito wa video huamuliwa kabla ya kurekodi

Tangu mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020, na maji ya ziwa Tanganyika yalipopanda tena mwaka 2024, kila anayetoa tangazo la mafuriko au kipindupindu mjini Uvira hukutana na swali lilelile: je, mtu wa Kavimvira au Kalundu aliyebakiwa na mega chache ataweza kulifungua? Wengi hurekodi kwanza, kisha hutafuta namna ya kulipunguza. Naona mpangilio huo ni kinyume, kwa sababu sehemu kubwa ya uzito wa video huamuliwa na kile kinachosimama mbele ya kamera.

Programu inayobana video haihifadhi kila picha nzima. Huweka moja kamili, kisha kwa zinazofuata huandika tu kilichobadilika. Mtu anayeongea mbele ya ukuta mtupu, simu ikiwa imeegemezwa mahali imara, hubadilika midomo na mikono tu. Mtu huyohuyo akisimama ufukweni, mawimbi nyuma yake hubadilika kila mahali kwa wakati mmoja, na mkono unaotikisika huifanya hata ardhi ionekane ikitembea. Ukizibana video hizo mbili kwa uzito uleule, ya ukuta hubaki safi, ya ziwa hujaa vimraba, na uso wa msemaji huharibika pamoja na maji.

Tuchukue tangazo la sekunde 30 kuhusu kutia klorini katika maji ya kunywa. Simu ikirekodi kwa megabiti 16 kwa sekunde, faili hufika megabaiti 60. Kwenye mtandao dhaifu wa kilobiti 100 kwa sekunde, kulipakua huchukua saa 1 na dakika 20. Likibanwa hadi kilobiti 400 kwa sekunde, picha na sauti pamoja, huwa megabaiti 1.5, na dakika 2 zinatosha. Mbele ya ukuta, kiwango hicho kinaweza kumtosha msemaji. Mbele ya mawimbi hakitoshi.

Wapo watakaosema WhatsApp hubana yenyewe. Ni kweli, lakini haijui kipi ni muhimu: herufi ndogo za kipimo cha klorini huziharibu sawasawa na mawingu. Zaidi ya hapo, mtu akituma faili kama hati, halibanwi kabisa, na kila mpokeaji hulipia uzito wake. Katika kikundi cha watu 200, picha moja ya tangazo yenye megabaiti 4 iliyofunguliwa na wote ni megabaiti 800 zilizonunuliwa mjini. Ikipunguzwa upana hadi pikseli 1080, mara nyingi hushuka chini ya kilobaiti 200, ilimradi maneno yawe machache na makubwa, juu ya rangi moja.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba ukuta hauthibitishi kitu: anayeonya kuhusu mafuriko sharti aonyeshe maji. Basi atume picha moja tulivu ya maji, na maelezo yaje kwa sauti. Sekunde 30 za sauti kwa kilobiti 16 kwa sekunde ni kilobaiti 60 tu.