Ukifuta pikipiki, usifute na shimo

Tuseme muko na picha 2.000 za barabara, zilizopigwa toka kwenye gari, na munataka kuonyesha mashimo. Lakini kila fasi pikipiki zimefunika lami. Kuzifuta kwa mkono, moja moja? Mutazeeka.

Kompyuta inafanya ile kazi kwa hatua mbili. Programu ya YOLO inatafuta pikipiki na kuizungushia kisanduku. Kisha SAM, ambayo Meta ilitoa mwaka 2023, inafuata ukingo wa kitu ndani ya kisanduku na kutoa kinyago: picha ya rangi mbili, nyeupe pa kufuta, nyeusi pa kuacha.

Hapo watu wengi wanakosea. Kwa YOLO ya kawaida, pikipiki ni kitu kimoja na mutu ni kingine. Mukiomba pikipiki tu, motari atabaki ameketi hewani! Ombeni vyote viwili. Panueni pia kinyago kidogo, kama pikseli 10, sababu ukingo unaacha alama. Kivuli nacho kinabaki chini, SAM haikihesabu.

Sasa, kujaza pengo. Programu ya LaMa inajaza vizuri sana, na hiyo njo shida: inabuni. Chini ya pikipiki kulikuwa shimo, yenyewe inapaka lami safi. Kwa kuhesabu mashimo, musijaze. Acheni pengo wazi, mutafute ile fasi kwenye picha iliyopigwa mbele ao nyuma kidogo, pikipiki ikiwa imeshapita.