Kunong'oneza Sikio Moja: Ukalimani katika Kikao cha Mulongo

Mulongo iko kando ya Mto Lualaba, katika jimbo la Haut-Lomami. Msimu wa mvua uliopita niliitwa huko kusaidia katika kikao kuhusu maji na kipindupindu, ugonjwa ambao katika eneo hili la mito na maziwa hurudi mara kwa mara. Msemaji alikuwa fundi wa maji aliyekuja na slaidi zake za Kifaransa. Wauguzi, walimu na wajumbe wa kamati walimfuata bila shida. Mtu mmoja tu hakumfuata, na ndiye niliyeitiwa: mama mwakilishi wa wanawake wanaouza samaki bandarini. Ni mzaliwa wa upande wa Ziwa Tanganyika. Kiswahili ndiyo lugha yake, Kiluba anakielewa kile cha sokoni, Kifaransa hakijui. Kumsimamisha fundi baada ya kila sentensi kwa ajili ya mtu mmoja kungekula mchana wote. Nikaketi karibu naye, nikamnong'oneza.

Ukalimani wa kunong'oneza ni ndugu wa ukalimani sawia, ule wa kwenye kibanda chenye vipokea sauti. Kazi ni ileile: unasikiliza sentensi ya sasa huku mdomo ukimalizia iliyopita. Tofauti ni kwamba huna kibanda wala kipaza sauti, na sauti yako mwenyewe inashindana na ya msemaji ndani ya masikio yako. Kwa hiyo mahali pa kukaa ni jambo la kwanza. Mimi nilikaa nyuma kidogo ya bega lake la kulia, mdomo wangu ukiwa usawa wa sikio lake, uso wangu ukimwelekea fundi na ukuta wa slaidi. Ukikaa ubavuni kabisa utageuza shingo kila mara, na kila unapogeuka unapoteza maneno mawili matatu.

Jina la aina hii ya ukalimani linadanganya kidogo. Mnong'ono halisi, ule wa pumzi tupu bila mtetemo wa nyuzi za sauti, huchosha koo na hupoteza tofauti ya konsonanti: b na p, d na t zinakaribiana mno. Kinachofaa ni sauti ya chini yenye mtetemo, kama ya mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala. Muuguzi wa mbele yetu aligeuka mara mbili kunitazama. Mara ya tatu mvua ilikuwa imeanza kupiga bati, na hakuna aliyenisikia tena isipokuwa mama, ambaye alinisogezea sikio.

Sasa nije kwenye umbali kati ya sikio na mdomo, yaani muda unaopita tangu neno lisikike hadi tafsiri yake itamkwe. Vitabu vya taaluma hutaja sekunde 2 hadi 4 kama umbali wa kawaida. Msemaji wa maneno 120 kwa dakika hutoa maneno mawili kwa sekunde, kwa hiyo unabeba kichwani maneno manne hadi manane ambayo bado hujayasema. Ukijisogeza karibu sana, unatafsiri neno kwa neno na sentensi inakuvunjikia mkononi. Ukijiweka mbali sana, kumbukumbu inafurika. Daniel Gile alilieleza hili kwa kugawa kazi ya mkalimani katika juhudi za kusikiliza, kukumbuka, kutamka na kuziratibu zote, ambazo hugawana nguvu moja: ukiipa kumbukumbu zaidi, usikivu unapungua, na kosa mara nyingi hutokea kwenye sentensi inayofuata ile ngumu.

Lakini darasani hatukuambiwa kwamba kati ya Kifaransa na Kiswahili umbali huo unaamuliwa kwa kiasi kikubwa na ukanushi. Kiswahili hukanusha mwanzoni mwa kitenzi: *hamtii*, *msitie*. Ukishatamka *mna-* umeshaahidi kwamba tendo linafanyika. Kifaransa cha maandishi huweka kidokezo kabla ya kitenzi, kile kijineno «ne», lakini katika mazungumzo watu wengi hukiacha, na ukanushi wote unabaki kwenye «pa» inayokuja baada ya kitenzi. Fundi wetu alizungumza hivyo. Alipokuwa akieleza maji ya tope, sentensi yake kwa mpangilio wa maneno ilikuwa hivi: tunatia - si - klorini katika maji machafu. Mimi nilikuwa nimemkaribia mno, nikawa nimeshasema «mnatia klorini…» ndipo «pa» ikafika. Ilinibidi niseme «hapana, hamtii». Mama akanitazama, na wakati ninajisahihisha sababu yenyewe ikanipita: tope hula klorini na kuwaficha vijidudu, kwa hiyo maji yaachwe yatuame na yachujwe kwa kitambaa kwanza.

Tangu hapo nilishika utaratibu mmoja: kitenzi cha Kifaransa kikisikika, nangoja neno linalokifuata ndipo nifungue mdomo. Ni kama nusu sekunde tu, lakini inaokoa. Cha kufurahisha ni kwamba kizuizi cha aina ya «tu» hakina hatari hiyo. Kifaransa husema «ne» kabla ya kitenzi na «ke» mbali baadaye ili kumaanisha *peke yake*; Kiswahili huweka *tu* mwishoni. Fundi aliposema kwamba ndani ya bidoni hakuingii ila maji yaliyochujwa, nilianza na «Ndani ya bidoni…», nikasubiri, nikamalizia «mtie maji yaliyochujwa tu». Kutanguliza mahali au kitu ni jambo la kawaida katika Kiswahili, na humpa mkalimani pa kukanyaga huku akingoja kitenzi kijulikane.

Mwendo wa fundi ulibadilika alipoanza kusoma slaidi. Mtu anayesoma hapumziki kutafuta maneno, na zile pumziko ndizo tunazoishi nazo. Hapo nilikata salamu, marudio na «kama nilivyokwisha kusema». Kiswahili chenyewe kilinisaidia: *msipoyachuja* ni neno moja linalobeba sharti, ukanushi, mtenda na mtendwa. Ila kukata kuna mpaka, na mpaka huo niliuvuka kwenye istilahi.

Slaidi ile ilihusu hatua mbili za kutibu maji. Kwanza unachukua unga wa klorini wenye nguvu ya asilimia 70, gramu 15, ambazo ni kijiko kimoja cha mezani kilichosawazishwa, unauyeyusha katika lita 1 ya maji. Unapata kimiminika cha nguvu ya asilimia 1 hivi. Wafaransa hukiita kwa jina lenye neno *mama* ndani yake, maana ndicho kinachozaa vipimo vingine. Kwetu tungesema *myeyusho-mama*. Kisha kutoka humo unachukua mililita 5, kijiko cha chai, unatia katika bidoni la lita 20 na kungoja nusu saa. Kipimo cha rangi kikionyesha klorini iliyobaki kati ya miligramu 0,2 na 0,5 kwa lita, maji yako tayari kwa kunywa.

Neno *myeyusho-mama* halikunijia. Nilikuwa na gramu 15 kichwani, lita 1 ikifuata, na fundi alikuwa ameshafika kwenye bidoni. Nikafanya ambacho wakalimani wengi hufanya istilahi inapodondoka: nikapanda ngazi moja juu, kwenye neno pana zaidi. Nikasema «dawa». Unga nao nilikuwa nimeshauita dawa sentensi mbili nyuma. Kwa hiyo sikioni mwa mama sentensi zilikuwa hivi: dawa kijiko kimoja cha mezani katika lita moja, halafu dawa kijiko kimoja cha chai katika bidoni.

Hakuna lililosikika vibaya. Sarufi ilikuwa safi, namba zilikuwa sahihi, na mwendo nilikuwa nimeupata. Ndiyo maana kosa la namna hii ni gumu kuligundua: mkalimani hana ishara yoyote ndani yake ya kumwambia kwamba ameanguka. Ishara ilitoka kwa msikilizaji. Fundi alipoinama kubadilisha waya wa kompyuta, mama aliniuliza polepole: «Mwanangu, hiyo dawa ya kijiko cha chai, ni ile ya unga ama ile ya maji?»

Tupige hesabu. Kijiko cha chai cha unga ule ni kama gramu 4, yenye klorini karibu gramu 2,8. Katika lita 20 hiyo ni miligramu 140 kwa lita. Mililita 5 za myeyusho hutoa miligramu 2,5 kwa lita. Neno moja pana lilitenganisha vipimo viwili vilivyopishana zaidi ya mara 50, na mama huyu ndiye aliyekuwa arudi bandarini kuwaeleza wenzake.

Nilimjibu kwamba ni ya maji, na kwamba kosa lilikuwa langu. Kisha nikainua mkono na kumwomba fundi arudie slaidi ile, jambo ambalo nilipaswa kukubaliana naye kabla ya kikao: ishara gani nitumie nikihitaji arudie. Alirudia bila kinyongo. Kabla hajaanza, mimi na mama tulipatana majina matatu: *unga*, *maji makali* na *maji ya kunywa*. «Maji makali» hutayakuta katika kamusi yoyote ya kemia, lakini ni mafupi, hayafanani na mengine, na yeye ndiye aliyeyapendekeza. Istilahi sanifu ina faida kubwa katika maandishi na mbele ya hadhira. Kwa sikio moja, linalohitajika ni kwamba kila kitu kiwe na jina lake na jina hilo lisihamie kwa kingine hadi mwisho wa kikao.

Jambo lingine nililobadilisha ni daftari. Nilikuwa nimelishika kwa ajili yangu. Nikaliweka juu ya goti langu upande wake. Namba hazina muktadha wa kukusaidia kuzikisia, na desimali ndizo mbaya zaidi: 0,05 na 0,5 hutofautiana kwa «sifuri» moja ambayo mvua ya bati inaweza kuimeza. Mama anafanya hesabu za magunia ya samaki kila siku, tarakimu anazisoma haraka kuliko mimi. Kwa hiyo namba niliziandika badala ya kuzitamka, yeye akazifuata kwa jicho, na mimi nikabaki na pumzi ya vitenzi. Istilahi isiyonijia niliiandika kama ilivyosikika, nikaweka alama ya kuuliza. Hadi mwisho zilikuwa nne, na tatu kati yake tulizimaliza na fundi wakati watu wakinywa soda.

Niliongea saa moja na dakika kumi bila kupokezana na mtu. Kwenye vibanda wakalimani hubadilishana kila baada ya nusu saa hivi, na sasa naelewa kwa nini: robo saa ya mwisho nilianza kuacha viambishi vya ngeli, kila kitu kikawa *i-*. Mama alivumilia. Watu walipoanza kuondoka alinishika mkono, akasema, «Kaa kwanza, nikuambie mimi sasa.» Akanieleza hatua zote mbili tangu mwanzo, kidole kikiwa juu ya daftari: unga, kijiko cha mezani, lita moja, maji makali, kijiko cha chai, bidoni, nusu saa. Alipofika kwenye tope aliniuliza kama kitambaa kinakunjwa mara ngapi. Hilo fundi hakuwa amelisema, au mimi sikulisikia. Tukamfuata nje kumuuliza.