Lugha Moja, Majina Chungu Nzima

Mjerumani huiita lugha yake Doichi, ingawa yeye huandika Deutsch. Sisi twasema Kijerumani, Mfaransa husema alemani, Mfini husema saksa na Mrusi husema nemetski. Hakuna aliyekosea. Kila jina lina historia yake.

Tuanze nyumbani kwa wenyewe. Zama za kati, lugha ya kanisa na ya maandishi katika Ulaya ya magharibi ilikuwa Kilatini. Lugha ya mtu wa kawaida ikaitwa diutisk, yaani "ya watu", na ndilo neno lililozaa Deutsch. Kwa hiyo hata jina la ndani lilizaliwa kwa kujitofautisha na lugha nyingine.

Majirani hawakuwa na haja ya kuuliza wenyewe wanajiitaje. Wakati huo hapakuwa na taifa la Ujerumani. Palikuwa na makabila mbalimbali, na kila jirani alilijua lile lililompakana. Upande wa Wafaransa waliishi Waalemani, kabila la maeneo ya juu ya mto Raini, na jina lao likatandazwa juu ya Wajerumani wote. Kaskazini, Wafini walikutana na Wasaksoni, wakafanya vivyo hivyo. Waslavi, kwa upande wa mashariki, walitumia neno lenye mzizi wa "bubu", kwa kuwa watu hao walinena maneno yasiyoeleweka. Wahungaria wakaliazima neno hilo kwa Waslavi, nao leo husema német bila kumwita mtu bubu. Ndiyo maana si busara kupima heshima ya jina kwa asili yake tu: wanaolitumia huwa wamekwisha kuisahau.

Waingereza nao walikuwa na neno Dutch, ndugu wa Deutsch, ambalo zamani liliwahusu Waholanzi na Wajerumani kwa pamoja. Baadaye likabaki kwa Waholanzi, waliokuwa jirani zao wa karibu ng'ambo ya bahari. Kwa Wajerumani wakachukua jina la Kilatini, lile Warumi walilotumia tangu enzi za Julio Kaisari.

Kiswahili kimepitia njia zote mbili. Mkoloni alipotawala Tanganyika, watu walimwita Mdachi, kwa kufuata jina lake mwenyewe. Wanyarwanda, waliotawaliwa naye pia, mpaka leo husema Ikidage. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Tanganyika ilikabidhiwa Waingereza, na jina lililoshika likawa lile lenye asili ya Kiingereza: Mjerumani. Mdachi akabaki katika kamusi na katika masimulizi ya wazee.

Basi ukikuta lugha yenye majina mengi, tazama ramani kwanza: nani alipakana na nani, na nani alikuja kupitia kwa nani. Jina la nje hubadilika anapobadilika anayekuletea habari, hata kama wenye lugha wenyewe hawajabadilisha chochote.