Barua ya ufadhili na hesabu ya dagaa

Barua nyingi za kuomba ufadhili huanza kwa namna moja: "Rejea kichwa cha habari hapo juu chahusika. Mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 20, natokea katika familia duni." Ni Kiswahili cha darasani, kile cha anwani mbili na "Wako mtiifu", na hakina kosa. Tatizo ni kwamba msomaji wa mfuko wa ufadhili ameshakutana na familia duni 40 tangu asubuhi, na hakuna hata moja iliyomwambia uduni huo ni wa shilingi ngapi.

Barua hizi huandikwa zaidi kati ya Julai, matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, na Novemba, vyuo vinapokuwa vimefunguliwa. Mwandishi wa leo ana jambo ambalo kaka zake hawakuwa nalo. Ada iliondolewa hadi kidato cha nne mwaka 2016, kisha kidato cha tano na sita mwaka 2022. Maana yake ni kwamba mtoto anaweza kumaliza miaka 13 katika shule za serikali bila kudaiwa ada, na ankara ya kwanza ya ada maishani mwake ikawa ya chuo kikuu. Hawezi kuandika kwamba alifukuzwa darasani kwa ajili ya ada. Ushahidi wa hali yake uko kwingine: sokoni, katika daftari la mikopo ya kikundi, katika nauli.

Tuchukue mfano wa binti wa Musoma aliyesoma mchepuo wa fizikia, kemia na baiolojia, akapata nafasi ya kusomea sayansi na teknolojia ya chakula katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Baba amefariki. Mama ananunua dagaa wabichi mwaloni, anawaanika, anawauza. Nyuma yake wako wadogo wawili.

Rasimu yake ya kwanza ilisema: "Mama yangu hana kipato chochote." Hapo barua ilikuwa imeshajikwaa. Asiye na kipato chochote analipaje kodi ya nyumba? Msomaji mzoefu hatasema kwamba binti ni mwongo, ila ataweka alama ya kuuliza pembeni na kuchukua bahasha inayofuata. Kipato kipo. Ni kidogo na kinayumba, na kuyumba kwenyewe ndiko kunakofaa kuelezwa.

Dagaa wa Ziwa Viktoria huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali, taa hazivuti samaki, na wavuvi wengi hutulia mpaka giza lirudi. Kwa hiyo mwezi wa mama huyu hauna siku 30 za kazi, una kama 20. Kila siku ya kazi humwachia faida ya shilingi 8,000, yaani 160,000 kwa mwezi. Matumizi ni kodi 30,000, chakula 90,000, na maji, sabuni na michango ya shule ya wadogo 25,000: jumla 145,000. Inabaki 15,000.

Kisha inakuja masika. Dagaa wanaoanikwa chini wakinyeshewa huharibika, huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku, na faida inashuka hadi 80,000 kwa mwezi. Kwa miezi 3 hiyo nyumba inapungukiwa 65,000 kila mwezi, jumla 195,000, wakati akiba ya miezi 9 mizuri ni 135,000. Mwaka unafungwa na deni la 60,000 kwenye kikoba. Haya yote yanaingia katika aya moja ya barua, na hayahitaji neno "duni".

Baada ya hapo ndipo yanakuja maombi, na hapa wengi huandika "naomba msaada wowote". Mfuko hauna fungu linaloitwa wowote. Katika mfano wetu ada ni 1,300,000 kwa mwaka, na Bodi ya Mikopo imempangia fedha za chakula na malazi pamoja na asilimia 60 ya ada. Ada iliyobaki ni 520,000. Usajili na bima ya afya ni 150,000, na safari nne kati ya Musoma na Morogoro, kwa 60,000 kila moja, ni 240,000. Pengo ni 910,000. Mjomba, fundi baiskeli, ameahidi 200,000. Binti anaomba 710,000.

Wazazi wengine wangemshauri afiche mkopo na ahadi ya mjomba, ili aonekane mhitaji zaidi. Ni ushauri mbaya. Mwombaji anayetaja alichokwisha kupata anaonyesha kwamba amehangaika kabla ya kubisha hodi. Isitoshe, mkopo ni deni: sheria inaruhusu kukata asilimia 15 ya mshahara wa mnufaika aliyeajiriwa mpaka liishe. Kuutaja hakumfanyi mtu aonekane tajiri.

Sehemu ya malengo ndiyo inayovuja zaidi. "Nataka kusoma kwa bidii ili nilisaidie taifa langu" ni sentensi ambayo anayetaka udaktari, uhasibu na urubani wanaweza kuazimana. Binti wa Musoma alikuwa na jambo lake mkononi bila kujua. Mvua ile ile iliyomla mama faida ndiyo sababu ya kuchagua kozi yake. Akaandika: "Tangu darasa la tano nimesaidia kuanua dagaa mvua ikianza. Nataka kujifunza namna ya kuwakausha bila kutegemea jua na mchanga, na jinsi ya kuwafungasha wasioze. Katika kidato cha sita kemia ndiyo iliyokuwa alama yangu ya juu." Shida na lengo vimekuwa kitu kimoja, na matokeo yaliyoambatanishwa yanamuunga mkono.

Kuhusu viambatanisho, balaa kubwa ni majina. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kina jina la baba kwa herufi moja, cha Baraza la Mitihani kwa nyingine, na cha kifo cha baba kina tahajia ya tatu. Hilo hurekebishwa mapema, au hufafanuliwa kwa hati ya kiapo. Kamati haina kazi ya kukisia. Barua ya mtendaji wa mtaa nayo mara nyingi husema tu kwamba mhusika ni mkazi na "apewe msaada". Inafaa kumwomba mtendaji, kabla hajapiga muhuri, aongeze kazi ya mama na idadi ya wanaomtegemea, kwa kuwa yeye ndiye shahidi pekee asiye ndugu.

Si kila ufadhili unasubiri barua ya namna hii. Ule wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23, unawalenga waliofaulu kwa kiwango cha juu sana katika masomo ya sayansi ya kidato cha sita, na hapo alama ndizo zinazosema. Barua ina kazi kwenye mifuko ya kampuni, taasisi za dini na wakfu, ambako waliofaulu vizuri ni wengi kuliko fedha.

Nakala ya mwisho ya binti ilikuwa ukurasa mmoja na robo. Chini ya sahihi aliandika namba ya simu ya mjomba badala ya ya mama, kwa sababu mama huzima yake mchana ili chaji ifike usiku.