Mchele Nimeununua: Jina Linapotangulia Kitenzi

Mtoto ametumwa dukani kununua mchele na nazi. Anaporudi, mama anamuuliza hata hajavua viatu: "Mchele je, umenunua?" Naye anajibu, "Mchele nimeununua, mama. Nazi sijazipata." Ni mazungumzo ya kila siku, na hakuna anayeyashangaa. Lakini hebu tazama mchele umekaa wapi katika jibu hilo. Kitu kilichonunuliwa kimetangulia, na kitenzi kikafuata nyuma yake.

Shuleni tulifundishwa mpangilio mwingine: kiima kwanza, kisha kitenzi, kisha yambwa, yaani kile kinachotendwa. "Mtoto amenunua mchele." Mpangilio huo ndio wa kawaida, na hapo Kiswahili na Kiingereza vinakwenda sambamba. Vinaachana pale msemaji anapotaka kulitoa jina mahali pake na kulileta mbele.

Siri ya Kiswahili imo ndani ya kitenzi. Neno "nimeununua" lina "ni" ya anayenunua, "me" ya wakati, kisha "u", halafu ndiyo "nunua". Hiyo "u" ni mchele. Kama kingekuwa kitabu, tungesema "nimekinunua". Kama ni maembe, "nimeyanunua". Kwa hiyo kitenzi chenyewe kinamtaja mtendaji na kinakitaja pia kitendwa, kila kimoja kwa alama ya ngeli yake, na majina yanaweza kuhama bila maana kupotea. Chukua mtoto na mkate. Unaweza kusema "Mkate mtoto ameula", au "Mtoto mkate ameula", au "Mkate ameula mtoto", au hata "Ameula mtoto, mkate." Katika zote nne mlaji ni mtoto, kwa kuwa "a" ni yake na "u" ni ya mkate, na mkate hauwezi kuchukua "a".

Kitenzi cha Kiingereza hakibebi alama ya kitendwa hata kidogo, na ya mtendaji kimebaki nayo kidogo sana. Mwingereza anamjua mla na mliwa kwa kuangalia nani yuko kabla ya kitenzi na nani yuko baada yake. Akibadilisha nafasi za mtoto na mkate, mkate ndio utakaokuwa umemla mtoto. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kiingereza cha kale, cha zaidi ya miaka 900 iliyopita, kilikuwa na viishio kwenye majina vilivyoonyesha nani katenda na nani katendwa, na maneno yake yalihama kwa uhuru zaidi. Viishio vilipopotea, kazi ile ikaangukia kwenye mpangilio. Ndiyo maana Mwingereza anayetaka kulikazia neno mara nyingi huliacha palepale na kulipandishia sauti, au huigeuza sentensi nzima iwe ya kutendwa.

Sasa, jina hutangulia lini? Jaribio jepesi ni swali. Mtu akikuuliza, "Umenunua nini?", utajibu, "Nimenunua mchele." Ukijibu, "Mchele nimeununua," atakutazama, maana umejibu swali ambalo hakuuliza. Jibu hilo linafaa pale mchele ulipokwisha kutajwa, na linalosubiriwa ni habari yake tu: umenunuliwa au bado? Basi mbele ni mahali pa lile tunalolizungumzia tayari. Habari mpya hukaa baada ya kitenzi, na ndipo linapokaa "nini" katika swali letu. Kiingereza kwa kawaida hulikimbiza neno la kuulizia hadi mwanzo wa sentensi. Ukitaka kulileta mbele jambo jipya, au kulichagua moja kati ya mengi, Kiswahili kina njia yake ya "ni" na "ndi": "Ni mchele nilionunua, si unga."

Lakini kuna jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka, nami naliona ndilo tamu kuliko yote. Jina linaweza kutangulia bila alama yake kuonekana katika kitenzi. "Nyama sili," husema mtu asiyekula nyama. "Pombe sinywi." Hapo hazungumzii nyama fulani wala pombe fulani, anazungumzia aina yote, maisha yake yote. Ongeza alama, useme "Nyama siili", na mwenye nyumba ataitazama sahani aliyokuandalia, kwa sababu sasa umeitaja nyama ile, iliyo mbele yako. Silabi moja imebadilisha mwenendo wa maisha ukawa kukataa chakula cha mwenyeji. Hata mama pale mwanzoni aliuliza "umenunua" bila "u", kwa kuwa mchele ulikuwa bado ni kitu cha kwenye orodha. Mtoto ndiye aliyeutia "u", kwa kuwa yeye anao mkononi.

Mwaka 1987 wanaisimu Joan Bresnan na Sam Mchombo walichapisha makala kuhusu Kichewa, lugha ya Kibantu ya Malawi, wakieleza kwamba alama ya yambwa katika lugha hiyo ni kiwakilishi kamili, na jina linaloandamana nayo ni mada iliyosimama pembeni. Ndiyo maana jina hilo linaweza kukaa mwanzoni au mwishoni. Kwa mchele na mkate, maelezo hayo yanakifaa Kiswahili vizuri sana. Kwa watu hayatoshi. Ukiulizwa, "Umemwona nani?", unajibu, "Nimemwona Juma," na "m" ipo ingawa Juma ni habari mpya kabisa. Katika Kiswahili sanifu, binadamu hupewa alama yake hata asipokuwa mada.

Hapo ndipo uhuru wa kuhamisha majina unapopata mipaka. Kitenzi kina nafasi moja tu ya alama ya yambwa. Ukisema "Kitabu nimempa Juma," kitabu kimetangulia na ndicho mada, lakini "ki" haina pa kukaa, kwa sababu "m" ya mpokeaji imeshika nafasi. Hakuna "nimekimpa". Msikilizaji hutegemea kituo kifupi cha sauti baada ya "kitabu", na kwa kweli kiimbo hicho hufanya kazi kubwa kila jina linapotangulia, ingawa katika maandishi hupotea mara nyingi.

Shida zaidi huja wawili wote wanapokuwa watu. "Juma Hamisi amempiga." Nani kapigwa? "A" inaweza kuwa ya yeyote, na "m" vilevile. Hapo kauli ya kutendwa ni msaada wa kweli: "Juma amepigwa na Hamisi." Ninachokilalamikia ni kuitumia pasipo haja, kama habari nyingi zinazotafsiriwa kutoka Kiingereza zinavyofanya. "Barabara hiyo ilijengwa na serikali" ni sentensi sahihi, lakini ikirudiwa aya baada ya aya lugha hukakamaa, wakati "Barabara hiyo serikali iliijenga" ipo, na inaiweka barabara mbele vilevile. Barabara ina "i" na serikali nayo ina "i", hilo ni kweli, ila hakuna atakayedhani kuwa barabara ndiyo iliyoijenga serikali. Kwa Juma na Hamisi akili haina pa kushika. Sema "mtoto aliyempiga Juma", na hata mzawa wa Unguja itabidi aulize nani alianza.