Kompyuta ya Kodi na Fundi wa Kariobangi (Sehemu ya Pili)

Wiki jana tulieleza jinsi Mamlaka ya Mapato ya Kenya, KRA, inavyochuja walipa kodi ili maofisa wake wachache wawakague wanaotiliwa shaka tu. Leo tuutazame mchujo mmoja, ule unaolinganisha ankara za VAT.

Tuseme fundi wa milango ya chuma pale Kariobangi Light Industries, aliyesajiliwa kwa VAT, amenunua vyuma vya shilingi 1,000,000, akalipa na VAT ya asilimia 16, yaani 160,000. Mwezi huohuo ameuza milango ya 1,500,000 na kukusanya VAT ya 240,000. Anatoa ile aliyokwisha kulipa dukani, anapeleka 80,000.

Kompyuta huitafuta ankara ya fundi katika ritani ya mwenye duka. Zamani ofisa alilazimika kufungua majalada mawili na kuyalinganisha kwa macho. Sasa mamilioni ya ankara hulinganishwa bila jalada kufunguliwa, na ankara hewa hazipiti kwa urahisi.

Ila mtambo huona kwamba rekodi mbili hazikutani. Haujui nani amekosea. Huenda mwenye duka alitangaza mauzo yale na kulipa kodi yote, lakini akayaweka kwenye jumla ya wateja wasio na PIN. Serikali imepata haki yake, na bado fundi, kwa kukataliwa makato ya VAT aliyolipa dukani, anadaiwa zile 160,000, adhabu ya asilimia 5, yaani 8,000, na riba ya asilimia 1 kila mwezi. Ritani yenye kasoro ni ya mwenye duka, na fundi hawezi kuigusa.

Afanyeje? Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inampa siku 30 tangu apate taarifa ya kudaiwa aweke pingamizi kwa maandishi. Aeleze anapinga nini na kwa sababu gani, na alipe sehemu asiyoipinga. Aambatishe ankara, ushahidi wa malipo ya benki au M-Pesa, hati ya kupokelea mzigo, na barua ya mwenye duka inayoonyesha mauzo yale yamo katika jumla ipi. Mzigo wa kuthibitisha ni wake. Pingamizi likikamilika, Kamishna ana siku 60 za kuamua. Zikipita kimya, limekubaliwa. Akikataliwa, ana siku 30 za kwenda Baraza la Rufaa za Kodi.

Pengo lipo hapa: siku 30 hazina maana kwa mtu ambaye taarifa imeishia katika baruapepe ya wakala aliyemfungulia iTax. Ibara ya 47 ya Katiba inataka hatua ya kiutawala iwe ya haki, na anayeumizwa nayo apewe sababu kwa maandishi. Kwa hiyo dai litaje ankara ipi haikukutana na ritani ya nani, na kabla adhabu haijaanza kuhesabiwa, mwenye duka naye aulizwe.

Wiki ijayo: makontena ya Mombasa.